Mkanda, viatu na mkoba: kosa liko kwenye kukaribiana

Nauza viatu na mikoba ya mtumba hapa Mtwara mjini. Swali ninaloulizwa kuliko yote linakuja na mkanda mkononi. Mteja anautoa kwenye mfuko, anauweka juu ya mkoba alioupenda, halafu ananitazama. "Mama, hivi vinaendana?" Nikimwambia haviendani anashangaa, maana mkanda ni wa kahawia na mkoba nao ni wa kahawia.

Wengi tulilelewa na sheria moja: mkanda, viatu na mkoba viwe rangi moja. Ni sheria nzuri kwa mtu anayenunua seti nzima siku moja kwenye duka moja. Sisi tunaochagua kwenye robota hatuna bahati hiyo. Kiatu unakipata leo, mkanda mwezi ujao, mkoba labda msimu wa korosho ukifika na hela ikaonekana. Kwa hiyo mtu anatafuta kinachokaribia, na hapo ndipo anapoharibu. Vitu viwili vyenye rangi moja hasa vinapendeza. Vitu viwili vyenye rangi zilizo mbali waziwazi navyo vinapendeza. Vinavyokaribiana bila kufikiana vinamfanya anayekutazama aone kama ulivaa gizani.

Mtazame mchonga vinyago wa Kimakonde anavyofanya na gogo la mpingo. Ndani ni jeusi, pembeni chini ya gome kuna tabaka la njano iliyopauka. Akiamua kuacha ile njano ionekane, inakaa moja kwa moja kando ya weusi, na kinyago kinapendeza kwa sababu mpaka wake uko wazi. Ndivyo ninavyotaka uufikirie mkoba wako na viatu vyako: ama ni kitu kimoja, ama mpaka uko wazi.

Kwanza, toka nje na vitu vyote vitatu

Usiamue rangi chini ya taa ya duka. Taa ya mwanga mweupe hufanya nyeusi nyingine ionekane na ubluu, na taa ya mwanga wa njano huivuta kahawia kwenye wekundu. Vitu viwili vinaweza kuonekana pacha chini ya taa, ukifika barabarani vikaachana. Nimeshawarudishia wateja hela kwa sababu hii, mpaka nikaanza kuwatoa nje mwenyewe kabla hawajalipa.

Tandaza kitambaa cheupe au karatasi nyeupe kwenye kivuli cha baraza, saa tatu asubuhi au saa kumi alasiri. Jua la mchana usoni kwa ngozi linaing'arisha kiasi kwamba unaona mng'aro badala ya rangi. Weka mkanda, kiatu kimoja na mkoba kando kwa kando, urudi nyuma hatua tatu, uvitazame ukiwa umesimama. Hivyo ndivyo watu watakavyokuona, kwa mbali kidogo na wewe ukiwa wima.

Nyeusi ndiyo inayodanganya zaidi. Watu husema nyeusi ni nyeusi. Weka mkanda mweusi wa plastiki kando ya kiatu cheusi cha ngozi kilichopigwa jua miaka miwili: mmoja utaona una ubluu, kingine kimeelekea kahawia kama majivu ya moto uliozimika. Ukiviona hivyo, kiatu kipake dawa nyeusi ya viatu mara mbili, kwa siku mbili tofauti, kisha uvilinganishe upya. Mara nyingi hiyo inatosha.

Pili, jua kila kimoja kiko ngazi gani

Nimezigawa rangi za ngozi katika ngazi tano kutoka nyepesi hadi nzito, na nimezipa majina ya vitu tulivyonavyo majumbani ili zisisahaulike. Ya kwanza ni rangi ya maziwa, ile ya kokwa ya korosho iliyobanguliwa. Ya pili ni korosho iliyokaangwa vizuri. Ya tatu ni mdalasini. Ya nne ni chokoleti. Ya tano ni nyeusi.

Sheria ninayowapa wateja ni hii: vitu viwili viwe ngazi moja, au viachane ngazi mbili na zaidi. Ngazi moja ya tofauti ndiyo ya hatari. Kiatu cha chokoleti na mkanda mweusi vinagombana. Kiatu cheusi na mkoba wa mdalasini vinapatana kabisa, ingawa wazazi wetu wengi walikataza nyeusi na kahawia zisikutane. Hawakukosea sana. Walikuwa wanaona chokoleti na nyeusi, na hizo kweli hazipatani. Huku juu kwenye rangi nyepesi jicho linasamehe zaidi. Maziwa na korosho vinaweza kukaa pamoja ingawa vimeachana ngazi moja tu, hasa kimoja kikiwa cha kusukwa, kama mkoba wa ukindu, na kingine cha ngozi laini.

Rangi nyingine zote zinaingia kwenye ngazi hizo hizo kwa uzito wake. Damu ya mzee inakaa na chokoleti, ya nne. Nevi bluu iko kati ya nne na tano, kwa hiyo ni vigumu kuiweka na nyeusi, lakini inapatana vizuri mno na mdalasini. Kijani cha jani la mwembe ni ya tatu au ya nne. Ukishindwa kukadiria, vipige picha kwa simu kisha uifanye picha iwe nyeusi na nyeupe. Rangi zinaondoka, unabaki na uzito peke yake. Vitu viwili vikitoka na kijivu kile kile, viko ngazi moja.

Picha hiyo ina kasoro yake. Haikuonyeshi mwelekeo wa kahawia. Kahawia mbili za ngazi moja zinaweza kuachana kwa sababu moja imeelekea wekundu, kama matofali, na nyingine imeelekea njano, kama haradali. Ukitaka zihesabike rangi moja, mwelekeo nao uwe mmoja. Ziweke zigusane: iliyo ya njano huanza kuonekana kama ya kijani ikikaa jirani na ya nyekundu. Ukiona hivyo hata kidogo, hizo si pacha.

Tatu, wawili waungane, mmoja awe huru

Hapa ndipo sheria ya zamani na mitindo ya sasa zinapokutana. Kati ya mkanda, viatu na mkoba, chagua viwili viwe rangi moja. Cha tatu kiache kiende kinakotaka, mradi kimeachana na wenzake ngazi mbili au kiwe rangi nyingine kabisa. Vyote vitatu vikifanana unaonekana nadhifu lakini kama sare. Vyote vitatu vikiachana, anayekutazama hajui pa kuanzia.

Kipi kiwe huru? Inategemea vinakaa wapi mwilini. Mkoba wa mkononi au wa begani unaning'inia jirani na kiuno, pale pale ulipo mkanda, na vikikaribiana bila kufanana kosa linaonekana papo hapo. Viatu viko chini, mbali na vyote viwili. Kwa hiyo njia rahisi ni mkanda na mkoba viungane, viatu viwe huru. Hii ndiyo inayokuruhusu kuvaa raba nyeupe na jinzi bila kuhangaika kutafuta mkanda mweupe. Mkanda mweupe na raba nyeupe huonekana kama umejipanga kupita kiasi, tena mkanda mweupe hauchukui muda kuchafuka kwa vumbi letu.

Njia ya pili ni viatu na mkanda viungane, mkoba uwe huru. Hii ni ya ofisini, ya mtu aliyechomekea. Inampa nafasi ya kubeba mkoba mwekundu au wa kijani bila kuvunja heshima ya mavazi.

Ya tatu, mkanda kuwa huru, ndiyo ngumu kuliko zote. Mkanda unaukata mwili katikati. Ukiwa na rangi ya kupiga kelele juu ya gauni la rangi tulivu, macho yote yanasimama kiunoni, na mtu mfupi anaonekana mfupi zaidi. Mwenye kiwiliwili kirefu unaweza kumsaidia. Kwa wengine nashauri kinyume: mkanda uwe rangi ya gauni lenyewe. Mwambie fundi cherehani akate mkanda kwenye kipande kilichobaki, upana wa sentimita mbili na nusu hivi, autie kitambaa kigumu ndani. Mkanda huo unamezwa na gauni, na wewe unabaki na vitu viwili tu vya kupatanisha.

Nne, kilicho huru kipe ndugu

Mkoba mwekundu peke yake, bila wekundu mwingine popote, unaonekana kama umeazimwa. Uurudishe wekundu huo mahali pengine pamoja, hata padogo: ua kwenye kitenge, mtandio, kamba ya saa. Mahali pamoja panatosha. Ukirudisha mara tatu, umeingia kwenye sare tena.

Kitenge ndiyo msaada mkubwa hapa, maana ndani yake tayari kuna rangi tatu au nne. Usichukue rangi iliyotanda zaidi, mkoba utapotelea humo. Chukua ile ndogo, ya mstari mwembamba au kitone, uifanye ya mkoba.

Vyuma na mng'aro

Rangi zikishapatana, tazama bizimu la mkanda, zipu na pete za mkoba, na mapambo ya viatu. Vya dhahabu na vya fedha vinaweza kuchanganywa siku hizi, lakini kimoja kiwe kingi na kingine kidogo. Kinacholeta fujo ni bizimu kubwa la dhahabu na pete kubwa za fedha za mkoba vikikutana kiunoni. Huku pwani kuna jambo jingine: hewa ya chumvi inakula vyuma vilivyopakwa rangi. Bizimu la dhahabu ya kupaka linaanza kubanduka kwenye kona baada ya msimu mmoja, na chini yake panatokea kijivu. Likifika hapo fundi viatu anaweza kulibadilisha ikiwa mkanda umefungwa kwa vifungo vya kubana au skrubu. Kama umeshonwa, itabidi afumue mshono, na mikanda ya plastiki hupasuka pale pale.

Mng'aro ni rahisi kuuelewa. Ngozi inayong'aa kama kioo na swedi isiyong'aa kabisa ni rangi mbili hata kama zote ni nyeusi. Vikiwa ni wale wawili walioungana, mng'aro nao uwe wa karibu.

Mfano: vitu vya mtoto wa dada yangu

Mtoto wa dada yangu alikuja kwangu Ijumaa jioni na mfuko mzima. Jumamosi asubuhi alikuwa na safari ya sokoni na wenzake, usiku sendi-ofu Mikindani, na Jumatatu anaanza kazi ofisini. "Shikamoo mama mdogo. Nina vitu, lakini kila nikivaa naona kuna kitu hakikai."

Tuliamka asubuhi tukavitandaza barazani. Alikuwa na mkanda mweusi wa plastiki unaong'aa wenye bizimu la dhahabu, viatu vya flati vya chokoleti, mkoba wa mdalasini wa ngozi wenye zipu ya fedha, viatu vyeusi vya kisigino kifupi, na raba nyeupe. Nguo zilikuwa gauni la nevi bluu, jinzi, na kitenge cha nevi bluu chenye maua ya chungwa na mistari myembamba ya maziwa.

Kosa lake nililiona mara moja. Alichozoea kuvaa pamoja ni mkanda mweusi, flati za chokoleti na mkoba wa mdalasini: ya tano, ya nne, ya tatu. Kila kimoja kimeachana na jirani yake kwa ngazi moja tu. Alikuwa anavaa ngazi yenyewe.

Kwa Jumatatu, siku ya gauni la nevi bluu, tuliziacha flati. Viatu vyeusi na mkanda mweusi, vyote ngazi ya tano, vikaungana, na mkoba wa mdalasini ukawa huru, ngazi mbili mbali. Mkanda ulikuwa unang'aa kuliko viatu, tukavipaka viatu dawa na kuvisugua kwa kitambaa cha pamba mpaka vikaukaribia. Nevi bluu na nyeusi nimesema hazikai vizuri, na hapa zilikutana kiunoni. Nilimfanya avae nikarudi nyuma hatua zangu tatu. Kwenye kivuli mkanda ulionekana kama doa. Akachukua kile kitambaa cha gauni kilichobaki akakipeleka kwa fundi, Jumapili akarudi na mkanda wa nevi bluu. Sasa viatu vyeusi, mkoba wa mdalasini, na mkanda umemezwa. Na lile suala la bizimu la dhahabu kukutana na zipu ya fedha likaisha lenyewe.

Kwa safari ya sokoni tulihitaji mkanda wa jinzi wa mdalasini wa kuungana na mkoba. Nilikuwa na miwili kwenye robota jipya, yote ngazi ya tatu kwenye picha ya simu. Wa kwanza ulipougusa mkoba ukageuka kama haradali. Wa pili ulikuwa na wekundu ule ule, nao ukafaa. Upana wake sentimita nne, unaojaza vitanzi vya jinzi. Mkanda wa namna hiyo usiupitishe kwenye suruali ya kitambaa ya ofisini, ambayo inataka sentimita tatu hadi tatu na nusu. Tukaangalia pia unafungika kwenye tundu la katikati. Ukifungika kwenye tundu la mwisho, ncha inakuwa fupi au inaning'inia, na hakuna rangi itakayoficha hilo. Chini alivaa raba nyeupe, zikiwa huru.

Kwa Mikindani, flati za chokoleti zikapata kazi. Kitenge kilikuwa na mistari ya maziwa, nikamwazima mkoba mdogo wa maziwa kutoka dukani. Chokoleti na maziwa zimeachana ngazi tatu, na maziwa ya mkoba yalikuwa na ndugu kwenye kitambaa. Yeye alitaka mkoba wa chungwa, kwa kuwa maua ndiyo yaliyotanda. Alijaribu yote miwili mbele ya kioo akauchukua wa maziwa mwenyewe.

Kwa wanaume, kwa ufupi

Mwanaume aliyechomekea aunganishe mkanda na viatu, begi la kompyuta liwe huru. Akivaa moka za mdalasini na suruali ya nevi bluu, mkanda uwe mdalasini na begi linaweza kuwa jeusi bila tatizo. Shati likiwa nje, mkanda hauonekani, basi apatanishe viatu na begi tu.

Ukitaka kubadilisha rangi badala ya kununua

Ngozi halisi inaweza kupakwa rangi ikawa nzito zaidi. Haiwezi kufanywa nyepesi kwa mafundi wetu wa kando ya barabara, kwa hiyo mdalasini inaweza kuwa chokoleti, lakini chokoleti hairudi kuwa mdalasini. Kwanza dondosha tone la maji mahali pasipoonekana, chini ya mfuniko wa mkoba. Likinywewa ndani ya dakika moja na kuacha doa jeusi linalokauka, ngozi itapokea rangi. Likibaki juu kama kwenye jani la mgomba, ni plastiki au ngozi iliyofunikwa, na rangi itabanduka pale unapokunja.

Fundi aifute kwanza kwa spiriti kuondoa dawa ya zamani, apake rangi nyembamba mara mbili au tatu, kila mara aiache ikauke kivulini. Jua kali huikunja ngozi. Mwachie kile kitu unachotaka ifanane nacho, usimweleze kwa maneno, maana "kahawia ya kawaida" ya kwake na ya kwako si moja. Baada ya siku mbili sugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa kidogo. Kikitoka na rangi, usiubebe mkoba huo ukiwa umevaa nguo nyeupe, mrudishie aifunge kwa nta.

Mvua zikianza, na huku kwetu huwa ni kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, vitoe vitu vya ngozi kabatini kila wiki vipigwe upepo. Ukungu ukiota juu ya mdalasini unaacha madoa yaliyopauka, na mkoba ulioungana na mkanda mwezi uliopita utakuta umeshapanda nusu ngazi.